Ridhaa ya aliyedanganywa hukamilika lini?

Wiki hizi, barazani Mkunguni na kwenye makundi ya WhatsApp ya vijana wa Lamu, gumzo ni moja: watafiti waliokuja na tableti, wakakodi ukumbi, wakawapa vijana mtihani mfupi, wakawaambia alama zao papo hapo, wakawatumia shilingi 500 kwa M-Pesa na kwenda zao. Wiki tatu baadaye kila aliyeshiriki alipokea ujumbe wa sentensi mbili: alama ulizopewa hazikuwa za kweli, zilikuwa sehemu ya utafiti; asante kwa kushiriki. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Upande mmoja unasema huu ni utapeli na watafiti wa namna hii wasikanyage tena gati. Upande wa pili, ambao una wasomi wengi, unajibu kwamba utafiti ulipitishwa na kamati ya maadili, kila kijana alitia saini fomu ya ridhaa, na ukweli umeshaelezwa, kwa hiyo hakuna la kulalamikia.

Naona pande zote mbili zimekosea mahali pa kutazama. Kumficha mshiriki jambo, na hata kumwambia lisilo kweli kwa muda, ni njia inayokubalika katika saikolojia kwa masharti makali, na kuna maswali ambayo bila njia hiyo hayana jibu. Kosa kubwa liko kwenye ule ujumbe wa sentensi mbili. Mtu aliyedanganywa hajatoa ridhaa kamili siku aliyotia saini, kwa sababu alikubali jambo ambalo hakuonyeshwa. Ridhaa yake inakamilika siku anapoambiwa ukweli, akauelewa, ukamtoka ule uongo aliobebeshwa, kisha akaulizwa upya kama bado anakubali majibu yake yatumike. Kama hatua hiyo haikufanyika vizuri, ridhaa haipo, hata kama fomu zenye saini zimejaa kabati.

Chimbuko la ugomvi huu ni la zamani. Mwaka 1963 Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale alichapisha jaribio ambalo wanaume 40 waliambiwa wanasaidia utafiti wa kumbukumbu. Kazi yao ilikuwa kumpiga mwenzao shoti ya umeme kila akikosea, kuanzia volti 15 hadi 450. Hakukuwa na umeme wowote; yule mwenzao alikuwa mtu wa watafiti. Washiriki 26 kati ya 40 walifika mwisho wa mashine, wengine huku wakitetemeka na kutoka jasho. Mwaka uliofuata mwanasaikolojia Diana Baumrind alimkosoa hadharani: mtu anayekuja maabara humwamini na kumtegemea mtafiti, na kuitumia imani hiyo kumtesa ni kuivunja. Milgram alijitetea kwa dodoso alilowapelekea washiriki baadaye, ambalo asilimia 84 ya waliolijibu walisema wanafurahi kwamba walishiriki. Takwimu hiyo bado inatolewa kila mara mtu anapotaka kuonyesha kwamba kudanganywa hakuumizi. Lakini nyaraka zilizohifadhiwa Yale zilipokuja kupekuliwa, ilionekana kwamba washiriki wengi waliondoka maabara siku ile bila kuambiwa kwamba shoti zilikuwa za uongo. Walikutanishwa na yule mwenzao akiwa mzima, wakaambiwa shoti hazikuwa kali kama walivyodhani, wakarudi nyumbani. Ukweli wote uliwafikia kwa barua, miezi baadaye. Kwa maneno mengine, ile furaha ya washiriki aliyojitetea nayo Milgram ilipimwa baada ya watu kulala miezi na fikra kwamba huenda walimdhuru binadamu.

Tangu hapo masharti yamebanwa. Kanuni za maadili za APA, chama cha wanasaikolojia wa Marekani, ambazo hufundishwa pia nje ya Marekani, zinaruhusu hadaa pale tu ambapo faida ya utafiti ni kubwa na hakuna njia nyingine inayofaa. Zinakataza kabisa hadaa kuhusu jambo linalotarajiwa kuleta maumivu ya mwili au msononeko mkali wa nafsi. Na zinamtaka mtafiti aeleze ukweli mapema iwezekanavyo, ikiwezekana mshiriki anapomaliza sehemu yake, na kwa vyovyote si baada ya ukusanyaji wa data kwisha, kisha ampe mshiriki nafasi ya kuondoa data yake. Hapa Kenya mtafiti anahitaji kibali cha kamati ya maadili iliyotambuliwa na tume ya sayansi na teknolojia, NACOSTI, na juu yake leseni ya tume yenyewe chini ya sheria ya 2013. Tena Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuondoa ridhaa yake wakati wowote. Sheria, basi, tunazo. Tatizo ni kile kinachotokea kati ya karatasi na ukumbi.

Nianze na wanaotaka hadaa ipigwe marufuku, kwa sababu hoja yao ni nzito kuliko wasomi wetu wanavyoikubali. Katika mji wa Kiislamu kama huu, mzee akisema uongo ni uongo hata ukivishwa koti la sayansi, hazungumzi kwa ushamba. Wanauchumi wanaofanya majaribio ya maabara wamefikia msimamo unaofanana na wake kwa njia yao wenyewe: ni mwiko katika fani yao kumwambia mshiriki jambo la uongo, ingawa wanakubali kunyamazia baadhi ya mambo. Sababu yao ni kwamba watu wakishazoea kudanganywa, hawatamwamini mtafiti yeyote, na majibu yote yataharibika, ya mkweli na ya mwongo. Kwa Lamu hoja hiyo ina uzito wa pekee. Huu ni mji mdogo ambao habari hutoka Mkunguni ikafika Shela kabla ya mashua. Tena ni mji ambao wavuvi wake walikwenda mahakamani kuhusu bandari, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Tangu wakati huo mtu akija na daftari la majina, swali la kwanza ni kama hiyo ndiyo orodha ya fidia. Atakayekuja kesho kuuliza kuhusu samaki, malaria au shule atalipia uongo wa aliyekuja leo.

Hata hivyo, marufuku kamili inafunga mlango ambao nyuma yake kuna mambo tunayohitaji kuyajua. Mwaka 1968 John Darley na Bibb Latané walitaka kujua kama mtu huchelewa kumsaidia mwenye dhiki anapodhani kuna wengine wanaosikia. Waliwaweka wanafunzi wa chuo New York kila mmoja chumbani peke yake, wakizungumza kwa vipaza sauti, kisha mmoja wa wazungumzaji akasikika akipata kifafa. Sauti ile ilikuwa ya kurekodiwa. Waliodhani ni wao peke yao wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika; waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia, ni asilimia 31 tu. Waulize watu ana kwa ana, “Je, ungemsaidia?” na karibu kila mmoja atasema ndiyo, na atakuwa anasema kweli kwa kadiri anavyojijua. Pengo kati ya tunavyojijua na tunavyotenda ndilo linalochunguzwa, na ukimweleza mtu mapema kwamba unapima msaada, umeshalifuta. Kwa hiyo sikubali kwamba kila hadaa ni utapeli. Nakubali kwamba kila hadaa ni deni, na deni hilo hulipwa mwishoni mwa kikao, mbele ya mshiriki.

Sasa hoja iliyo dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa: kamati ilipitisha, basi imekwisha. Kamati ya maadili husoma pendekezo. Haikai ukumbini. Inaona fomu ya ridhaa yenye kurasa tatu, dodoso zima, jedwali la bajeti, na mwishoni kabisa mstari usemao “washiriki wataelezwa lengo halisi la utafiti.” Mstari huo hauna maneno yatakayosemwa, hausemi nani atayasema, kwa lugha ipi, wala kwa dakika ngapi. Dodoso lingeletwa hivyo, kwa mstari mmoja wa “washiriki wataulizwa maswali yanayohusika,” kamati ingelirudisha siku hiyohiyo. Lakini maelezo ya mwisho hupita, kwa sababu yanachukuliwa kama adabu ya kuagana. Kibali kinathibitisha kwamba mpango ulioandikwa unaweza kufanyika bila kudhuru. Hakithibitishi kwamba ulifanyika, na hakiwezi kufidia sehemu ambayo haikuandikwa.

Kwa nini maelezo ya mwisho yasiwe jambo la sentensi mbili? Jibu la kisayansi lipo tangu 1975, na lilipatikana kwa jaribio lililofanana sana na hili linalozungumzwa barazani. Lee Ross, Mark Lepper na Michael Hubbard wa Stanford waliwapa wanafunzi jozi 25 za barua za mwisho zilizoandikwa na watu waliojiua, moja ya kila jozi ikiwa ya kweli na nyingine ya kubuni, wachague ipi ya kweli. Alama walizoambiwa zilipangwa kabla hawajaanza: wengine waliambiwa wamepata 24, wengine 10. Baadaye mtafiti akawaeleza wazi kwamba alama zile zilikuwa za kubuni na hazikuwa na uhusiano wowote na majibu yao. Kila mmoja alielewa. Kisha wakaulizwa wanadhani wana uwezo gani hasa katika kazi hiyo. Walioambiwa 24 waliendelea kujiona hodari, na walioambiwa 10 waliendelea kujiona dhaifu. Uongo ulikuwa umekanushwa, na athari yake imebaki.

Sababu yake ni rahisi kuieleza kwa mtu wa Lamu aliyeona fundi akijenga tao la mlango. Mawe hupangwa juu ya mbao zinazoyashikilia mpaka chokaa ikauke. Mbao zikitolewa, tao linabaki limesimama kwa nguvu zake lenyewe. Alama ya uongo ni zile mbao. Kijana akiambiwa amepata 10 kati ya 25, hakai na namba hiyo peke yake. Akili yake inatafuta sababu: ndiyo maana hesabu zilinishinda darasa la saba, ndiyo maana mwalimu alinipita, ndiyo maana sijapata kazi. Sababu hizo ni kumbukumbu zake za kweli. Ukimwambia wiki tatu baadaye kwamba namba ilikuwa ya kubuni, umetoa mbao. Kumbukumbu zimeshashikana na zinajitegemea. Kinyume chake kina hatari yake pia, kwa sababu aliyeambiwa 24 anaweza kuamua jambo la maisha yake kwa sifa ambayo haikuwa yake.

Ross na wenzake hawakuishia hapo. Katika jaribio lililofuata walijaribu maelezo ya namna nyingine: pamoja na kusema alama ni za uongo, walimweleza mshiriki jinsi akili inavyoshikilia fikra hata baada ya ushahidi kuondolewa, na kwamba huenda yeye mwenyewe anafanya hivyo wakati huo. Maelezo hayo yalifuta sehemu kubwa ya athari. Mwaka 1976 David Holmes alitenganisha vizuri kazi mbili zilizomo humo. Ya kwanza ni kumtoa mshiriki kwenye uongo, yaani asadiki kweli kwamba alidanganywa. Ya pili ni kumsaidia na yale aliyojifunza kuhusu nafsi yake, ambayo hayakuwa uongo. Aliyebonyeza kitufe cha volti 450 alijua jambo la kweli kumhusu. Ukimwambia tu kwamba umeme haukuwapo, umefanya kazi ya kwanza na kumwachia ya pili aibebe peke yake.

Tuchukue basi jaribio kama hili la alama na tulipange inavyopasa. Sema washiriki ni 40, wote wametimiza miaka 18, nusu wataambiwa wamepata chini na nusu juu, kisha wafanye uamuzi fulani ambao mtafiti anaupima. Kabla ya chochote fomu ya ridhaa iwe na sentensi kama hii: “Katika utafiti huu kuna mambo ambayo hatutakueleza mwanzoni, na huenda baadhi ya tutakayokuambia yasiwe ya kweli. Kabla hujaondoka leo tutakueleza yote.” Kanuni za serikali ya Marekani zilizoanza kutumika 2019 zimeufanya mpango huu kuwa sharti: majaribio mepesi ya tabia yenye hadaa hupata nafuu ya ukaguzi pale tu mshiriki anapokubali mapema kwamba huenda akapotoshwa. Watafiti wengine wanahofia sentensi hiyo itawatia watu shaka. Ni hofu ya haki, kwani shaka inaweza kupunguza nguvu ya jaribio. Lakini makundi yote mawili yanasoma sentensi ileile, kwa hiyo tofauti itakayoonekana kati yao haiwezi kuwa imetokana nayo. Na kwa yule mzee wa barazani, hili ndilo jibu ninaloweza kumpa bila kuona haya: kijana aliombwa ruhusa kwanza.

Nani ataambiwa juu na nani chini kuamuliwe kwa kadi 40 zilizochanganywa ndani ya bahasha, na bahasha ya kila mshiriki itunzwe. Mwisho wa kikao atakuja kuonyeshwa. Kumweleza upangaji huo kwa neno “bahati nasibu” pekee hakutoshi hapa. Wengi wakilisikia wanafikiri kamari, na wengine wanaelewa kwamba bahati yao ilikuwa mbaya, maana ambayo ni kinyume kabisa cha inayotakiwa. Lakini mtu akiona kwa macho kadi yenye neno CHINI ikitoka kwenye bahasha iliyoandikwa namba yake na kufungwa tangu jana, kabla hajajibu swali hata moja, anaelewa bila mhadhara.

Maelezo ya mwisho yaanze kwa kusikiliza. Ukimuuliza kijana wa Lamu, “Ulishuku kwamba tunakudanganya?” atasema hapana kwa heshima tu, maana nani anataka kumwita mgeni mwongo usoni? Swali lipandishwe ngazi kwa ngazi. Kwanza, ulidhani tunatafuta nini? Halafu, kuna kitu kilichokushangaza? Halafu, kama ningekuambia kuna jambo hatukulisema mwanzoni, ungedhani ni lipi? Majibu yake yaandikwe kabla ya kumweleza lolote, kwa sababu yanamjulisha mtafiti data ya nani haifai, na yanamjulisha mshiriki polepole kwamba kuna jambo linakuja, asije akajiona mjinga ghafla. Kisha bahasha ifunguliwe. Kisha msemaji, ambaye ni vizuri asiwe yuleyule aliyemsomea alama za uongo, aseme kitu kama hiki: “Ndugu yangu, alama ulizopewa hazikutoka kwenye majibu yako, ziliandikwa kabla hujaja. Na nikuambie jambo jingine. Watu wakishaambiwa alama huwa wanatafuta sababu zake maishani mwao, na sababu hizo hubaki hata alama zikifutwa. Huenda na wewe umezitafuta. Ni ipi iliyokujia?” Asubiri jibu. Mtu akishaitaja ile hesabu ya darasa la saba kwa mdomo wake, anaweza kuona mwenyewe kwamba haikuhusiana na chochote kilichotokea ukumbini.

Yote haya hayafanyiki kwa dakika mbili. Kwa dakika 20 kila mmoja, washiriki 40 ni dakika 800, zaidi ya saa 13. Kwa wasaidizi wawili ni karibu saa saba kila mmoja, siku nzima ya kazi ambayo lazima iwemo kwenye bajeti. Ukitaka kujua kama mtafiti alikusudia kweli kulipa deni lake, usisome ahadi zake. Soma jedwali la malipo ya wasaidizi, uone kama siku hiyo ipo.

Na inawezekana kupima kama maelezo yamefanya kazi. Kabla mshiriki hajainuka, aulizwe: ukipewa mtihani mpya wa aina hii wenye maswali 25, unadhani utapata mangapi? Ukilinganisha wastani wa makadirio ya waliokuwa kundi la juu na la chini, makundi mawili yaliyopangwa kwa kadi yanapaswa kukaribiana. Kama la juu linakadiria 18 na la chini 12, uongo bado uko ndani ya vichwa na maelezo yanahitaji kuandikwa upya. Hili lifanywe kwenye majaribio ya awali, kwa watu wachache, kabla ya kikao chenyewe. Makadirio ya watu wachache huyumba, sikatai, lakini pengo la pointi sita halihitaji mtaalamu wa takwimu kulitilia shaka.

Swali gumu kuliko yote ni lini. Watafiti wa kisa chetu walingoja wiki tatu, na nina hakika sababu yao haikuwa uzembe. Ukimwambia ukweli kijana wa kwanza Jumatatu asubuhi, kufikia adhuhuri kila anayesubiri zamu yake anajua alama ni za uongo, na jaribio limekufa. Kanuni za APA zinaruhusu kuchelewesha hadi mwisho wa ukusanyaji wa data. Lakini ruhusa hiyo inafaa zaidi pale kilichofichwa ni lengo la utafiti, jambo lisilomgusa mshiriki yeye mwenyewe. Kilichofichwa kikiwa ni uwezo wake, kila siku ya kungoja ni siku ambayo tao linakauka. Katika mji mdogo suluhisho ni kubana ratiba: kikao kimoja, siku moja, ikibidi makundi mawili yanayofuatana, la kwanza likikaa kwenye maelezo yake mpaka la pili liwe limeshaingia na kuanza. Inagharimu ukumbi mkubwa na wasaidizi wengi zaidi. Kama fedha hizo hazipo, mtafiti achague hadaa isiyogusa nafsi ya mtu, au afanye utafiti mwingine. Simwoni mwenye haki ya kuokoa gharama ya ukumbi kwa kumwacha kijana asiye na kazi akiamini kwa siku 21 kwamba akili yake ni pungufu.

Limebaki jambo la kuondoa data, ambalo huharibika kwa nia njema. Watafiti wengi hufuta majina na namba za simu mara moja, kwa ajili ya usiri, halafu mwishoni wanamwambia mshiriki ana haki ya kuondoa majibu yake. Majibu yapi? Hakuna tena anayejua yake ni yapi, na haki imekuwa maneno matupu. Njia ni kumpa kila mmoja kikaratasi chenye namba yake ya siri, na orodha inayounganisha namba na majibu itunzwe mpaka tarehe iliyoandikwa kwenye kikaratasi hichohicho, tuseme siku 14 baada ya maelezo, ndipo iharibiwe. Malipo yatumwe kabla ya kuuliza kama anakubali, na aone ujumbe wa M-Pesa umeingia, asije akadhani akikataa zile 500 zitarudishwa. Watakaokataa watakuwa wachache, najua. Kama ni wengi, mtafiti amejifunza jambo kuhusu hadaa yake ambalo kamati isingeweza kumwambia.

Kuna atakayesema kampuni kubwa hufanya mabaya zaidi bila kuulizwa. Ni kweli kwamba Facebook mwaka 2012 ilibadilisha kwa wiki moja machapisho waliyoonyeshwa watu 689,003 ili kupima hisia zao, haikuwaeleza kabla wala baada, na matokeo yakachapishwa 2014 kwenye jarida la kitaaluma ambalo baadaye lilitoa tamko la wasiwasi. Hilo halimpi mtafiti wa ukumbini nafuu yoyote. Yeye alikaa uso kwa uso na mtu aliyemjua kwa jina.

Kwa hiyo kamati zetu zidai andiko zima la maelezo ya mwisho, neno kwa neno, pamoja na dodoso, na zimpe mjumbe asiye mwanasayansi kazi ya kulisoma kwa sauti mbele ya mtu wa mahali utafiti utakapofanyika. Andiko lililotungwa Nairobi kwa Kiswahili cha ofisini linaweza kuwa sahihi kila sentensi na bado lisimwingie kijana aliyelelewa kwa Kiamu, sembuse kwa Kibajuni. Kilifi, kusini ya hapa, watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, wana mtandao wa wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa na watu wa vijijini, na watu wa aina hiyo ndio wangegundua mapema kwamba “bahati nasibu” inasikika kama kamari.

Na vijana waliopokea ule ujumbe wa simu bado wapo, na kazi kwao haijaisha. Kanuni za APA zinasema mtafiti akigundua kwamba utaratibu wake umemdhuru mshiriki, achukue hatua za kupunguza madhara. Warudi ukumbini, au wapige simu kwa kila mmoja kama nauli haipo, dakika 20 kwa kila mtu. Bahasha au orodha ya upangaji ionyeshwe. Kila kijana aulizwe alijipa sababu gani kwa alama zile, na aulizwe kama majibu yake yabaki au yatoke, kwa tarehe inayotangulia siku ya kupeleka makala kwa jarida. Kama orodha ya kuunganisha majina na majibu imeshaharibiwa, waseme hivyo waziwazi, kwa vijana na kwa kamati iliyowapa kibali.